Zipu Sizo: Namna ya Kumjibu Mteja Aliyetumiwa Mzigo wa Makosa

Mwezi Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, maduka ya vifaa vya ushonaji pale Kariakoo hayapumui. Mafundi wa mikoani huagiza kwa simu zipu, vifungo, uzi, bitana na lastiki. Oda inaingia kwa WhatsApp, pesa inaingia kwa simu, kijana wa stoo anakusanya vitu, mwenzake anavifunga kwenye kiroba, na wa tatu anapakia mzigo kwenye bodaboda hadi Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, ambako unaandikwa kwenye basi. Kabla haujatoka Dar es Salaam mzigo huo umeshapita mikono minne au mitano, na kila mkono unaweza kukosea.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua. Fundi wa Songea ameagiza dazeni 40 za zipu za bluu iliyokolea, urefu wa inchi 7, kwa ajili ya sketi za wanafunzi, pamoja na grosi 5 za vifungo vyeupe vya mashati. Tuseme dazeni moja ya zipu ni shilingi 2,500, hivyo zipu zote ni shilingi 100,000. Jumanne saa mbili asubuhi simu ya mwenye duka inalia: “Bosi, mzigo nimeupata ila zipu sizo. Kuna nyeusi humu na ni ndefu. Watu wanataka sketi zao, shule zinafunguliwa wiki ijayo. Mnanifanyia nini?”

Majibu ambayo wengi wetu tumewahi kuyapata katika hali kama hii yanafanana: “Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, suala lako linafanyiwa kazi.” Ni maneno ya adabu, lakini fundi aliyeshika zipu nyeusi hayamsaidii kitu. Yeye ana maswali yake matatu. Hizi zisizo zangu nizipeleke wapi? Gharama ni ya nani? Na zilizo zangu nitazishika mkononi lini? Jibu lisilogusa hayo matatu litamfanya apige simu tena baada ya saa moja, na safari hiyo sauti yake itakuwa imepanda.

Jambo la kwanza kwa mwenye duka ni kupiga simu mara moja. Asiende stoo kwanza, asianze kumuuliza kijana. Apige, aombe radhi kwa sentensi moja, kisha aseme waziwazi atakachofanya na saa atakayorudi: “Fundi, pole sana, kosa ni letu. Naingia stoo sasa hivi kuhakikisha zako zipo, na kabla ya saa nne nitakuandikia siku utakayozipata.” Hapo hajaahidi siku yoyote. Watu wengi huteleza hapa. Kwa kutaka kumtuliza mteja wanasema “kesho utazipata”, na hawajui kama zipu za bluu za inchi 7 bado zimebaki dukani. Ahadi ya namna hiyo ikivunjika, kosa la kwanza linasahaulika na la pili ndilo linalosimuliwa mji mzima.

Katika simu hiyohiyo aombe picha tatu. Ya kwanza ni ya lebo ya kiroba, ile iliyoandikwa jina na simu ya mpokeaji. Ya pili ni ya vitu vyote vilivyotoka ndani, vimetandazwa pamoja. Ya tatu ni ya zipu moja isiyo sahihi ikiwa imelazwa kando ya futikamba. Urefu wa zipu hupimwa kwenye meno, kuanzia kizuizi cha chini hadi kichwa kinapoishia juu, wala mikia ya kitambaa haihesabiwi. Fundi analijua hilo, lakini kijana wa stoo huenda halijui, na picha yenye futikamba inamaliza ubishi. Inchi 7 ni kama sentimita 18, na inchi 9 ni kama 23. Tofauti hiyo haijifichi.

Picha hizi si za kumshuku mteja, na ni vizuri kumwambia hivyo. Zinatakiwa kwa sababu risiti ya duka mara nyingi imeandika “ZIPU” na idadi tu, bila rangi wala urefu. Ushahidi wa nini kiliagizwa uko kwenye ujumbe wa oda, na ushahidi wa nini kimefika uko kwenye picha. Bila hivyo viwili vikiwekwa pamoja, duka linajibu kwa kubahatisha.

Picha za Songea zinaonyesha kwamba lebo ni sahihi, vifungo grosi 5 vipo, na zipu za bluu za inchi 7 zipo lakini ni dazeni 25. Dazeni 15 zilizobaki ni nyeusi, na futikamba inasoma inchi 9. Kwa hiyo si mzigo wote ulioharibika. Fundi ana zipu 300 anazoweza kuanza nazo, na amepungukiwa zipu 180. Hesabu hii ndogo inabadilisha jibu zima, kwa sababu sasa mwenye duka anaweza kuuliza swali lenye maana: “Hizo 300 zitakufikisha lini?” Fundi anasema zitamfikisha Alhamisi jioni. Sasa duka lina siku ya mwisho inayojulikana, na kila kinachofuata kinapimwa kwa siku hiyo.

Sasa aingie stoo, na asitafute wa kulaumiwa, atafute chanzo. Mzigo wa makosa huwa na vyanzo vya aina nne hivi, na kila kimoja kina muda wake wa kurekebishwa. Huenda lebo mbili zilibadilishana, mzigo wa Songea ukaenda na jina la mteja wa Mbeya, na wake ukaenda Songea. Dalili yake ni kwamba karibu kila kitu ndani si cha mteja, na idadi zake zinalingana na oda ya mtu mwingine ya siku ileile. Hilo ndilo gumu kuliko yote, maana kuna mteja wa pili ambaye hajalalamika bado, na anatakiwa kupigiwa kabla hajafungua na kuanza kutumia. Huenda pia msambazaji alileta boksi lililoandikwa nje tofauti na kilichomo ndani. Hapo kila utakachochukua kwenye boksi hilo kitakuwa kosa lilelile, na duka likituma haraka bila kulifungua litatuma makosa mara ya pili. Huenda oda yenyewe iliandikwa vibaya tangu mwanzo, “9” ikasomwa badala ya “7”. Au, na hili ndilo la kila siku, mkusanyaji alichukua kitu cha rafu ya jirani.

Namna ya kujua ni ipi kati ya hizo ni kuhesabu. Daftari la stoo linasema baada ya oda ya Songea zipu za bluu za inchi 7 zilitakiwa kubaki dazeni 60. Zinahesabiwa, ziko 75. Zipu nyeusi za inchi 9 zilitakiwa kuwa 32, zinahesabiwa, ziko 17. Bluu zimezidi 15, nyeusi zimepungua 15. Hakuna haja ya kumhoji mtu. Kijana alimaliza boksi la bluu lililokuwa na dazeni 25, akafungua la jirani akidhani ni lilelile, akakamilisha 40 yake. Anayeijua stoo ya Kariakoo, yenye taa moja na maboksi hadi darini, hatashangaa. Bluu iliyokolea na nyeusi chini ya taa hafifu ni kitu kimoja. Ukitaka kuzitenganisha inabidi uzitoe mlangoni uzitazame kwenye mwanga wa jua.

Hesabu isingekaa sawa hivyo, kwa mfano bluu zingekuwa 60 kamili kama daftari linavyosema, basi dazeni 15 za bluu zimetoka dukani na ziko kwa mtu mwingine, na mwenye duka angeanza kupekua oda zote za siku ile. Ndiyo maana nasema jibu la malalamiko linaanzia kwenye rafu. Muda ambao unaonekana kupotea kuhesabu ni muda unaozuia kutuma zipu nyeusi nyingine.

Chanzo kimejulikana, na zipu sahihi zipo. Tupange siku. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa barabara ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe ni safari ya kutwa nzima. Mabasi huondoka alfajiri na kufika jioni au usiku. Leo ni Jumanne, basi la leo limeshaondoka. Mzigo ukifikishwa stendi leo mchana utapakiwa kwenye basi la Jumatano alfajiri, utafika Songea Jumatano usiku, na ofisi ya mizigo itaufungua Alhamisi asubuhi. Kwa hiyo siku ya haki kumtajia fundi ni Alhamisi, na si asubuhi bali kabla ya saa saba mchana. Januari ni wakati wa mvua, na lori moja likikwama kwenye mlima Kitonga basi linaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Nafasi hiyo ya saa chache ni ya kweli, haikuwekwa kwa woga. Ukimwambia mteja Alhamisi mchana na mzigo ukafika asubuhi, amefurahi. Ukimwambia Jumatano usiku, umemfanya akeshe stendi.

Linabaki swali la zipu nyeusi. Maduka mengine hushikilia kwamba mteja arudishe kwanza ndipo atumiwe nyingine. Kwa mzigo wa mfano huu naona si haki na wala si biashara. Zipu nyeusi dazeni 15 thamani yake haifiki hata shilingi 40,000, na kusubiri zirudi kungemnyima fundi siku mbili au tatu ambazo hana. Kitu chenye thamani kubwa, kama kichwa cha cherehani au mota, kinahitaji tahadhari zaidi. Hapo njia ya katikati ni mteja apeleke kitu stendi, apige picha risiti ya basi, na duka likiiona picha hiyo litume kipya bila kungoja kile cha zamani kifike.

Na gharama? Ni ya duka, yote. Wauzaji wengine hudhani wanapolipia nauli ya kurudisha wanafanya hisani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo Tanzania ni Sura ya 214 na Kenya ni Sura ya 31, zote zikiwa zimejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema tofauti. Mnunuzi aliyeletewa vitu alivyoagiza vikiwa vimechanganywa na vingine anaweza kuchukua vilivyo vyake na kukataa vilivyobaki, au kukataa vyote. Na anapokataa kwa haki hana wajibu wa kuvirudisha, isipokuwa walikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amekataa. Kwa maneno mengine, fundi wa Songea akipanda bodaboda kupeleka zipu nyeusi stendi, yeye ndiye anayelisaidia duka.

Kwa hiyo nauli itumwe kabla hajatoka dukani kwake, na ikamilike: ya mzigo, ya bodaboda, na ya kutolea. Hiyo ya mwisho husahaulika mno. Mtu anatumiwa shilingi 5,000 kamili, anafika kwa wakala anakatwa, anaongezea mfukoni mwake. Kiasi ni kidogo lakini kinauma, kwa sababu ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya muda alioahidi, mwenye duka anaandika:

“Habari za asubuhi Fundi. Nimeangalia picha zako na nimehesabu stoo. Uliagiza zipu za bluu inchi 7 dazeni 40 na vifungo vyeupe grosi 5. Uliyopata ni bluu inchi 7 dazeni 25, nyeusi inchi 9 dazeni 15, na vifungo vyote 5. Kwa hiyo tunadaiwa na wewe bluu inchi 7 dazeni 15. Kosa ni letu: boksi la nyeusi lilikuwa limekaa kando ya la bluu, aliyekusanya akachanganya. Tunaomba radhi.

Dazeni 15 za bluu zipo, nimezitenga mimi mwenyewe. Zinafika stendi leo mchana, zinaondoka na basi la kesho Jumatano alfajiri, na utazichukua Songea Alhamisi kabla ya saa saba mchana. Nauli tumelipa, usidaiwe chochote. Risiti ya basi nitakutumia leo jioni.

Zile nyeusi usizifungue. Naomba uzirudishe kwenye mfuko wake, uandike jina la duka na namba yetu, uzipeleke kwenye ofisi ya basi lilelile siku yoyote hadi Jumamosi, utakapopata nafasi. Nimekutumia shilingi 8,000: ya mzigo 5,000, ya bodaboda 2,000, na ya kutolea 1,000. Ikizidi hapo niambie. Ukishatuma nipigie picha ya risiti. Kama nyeusi zinakufaa kwa kazi nyingine, unaweza kubaki nazo kwa shilingi 2,000 dazeni, lakini si lazima.

Kama Alhamisi ni mbali kwako, niambie leo kabla ya saa sita, nitakurudishia shilingi 37,500 ya dazeni 15 leo hii, ununue hapo Songea.”

Tuutazame ujumbe huu ulivyokaa. Umeanza na hesabu mbili zilizokaa pamoja, ya kilichoagizwa na ya kilichofika, ili kama kuna sehemu mwenye duka ameelewa vibaya fundi aione mara moja. Sababu ya kosa imetajwa kwa sentensi moja na ikaachwa. Mteja anataka kujua kwamba duka limeelewa lilipokosea, hahitaji historia ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Siku imetajwa kwa jina lake. “Ndani ya siku mbili” kila mtu huihesabu kivyake, mmoja akianza leo na mwingine kesho, lakini Alhamisi ni Alhamisi. Tena kurudisha kumewekewa muda mrefu kuliko kupokea, ili fundi asilazimike kuacha cherehani katikati ya wiki anayoshona usiku na mchana.

Ile bei ya punguzo kwa zipu nyeusi inahitaji uangalifu. Kwa fundi ni kitu kinachoweza kumfaa, maana sketi nyeusi nazo hushonwa. Lakini ikija kabla ya zipu za bluu kutajiwa siku, inasikika kama duka linamuuzia makosa yake. Ndiyo maana imekaa mwishoni mwa maelezo ya kurudisha, na imesemwa wazi kwamba si lazima. Kuna nyakati ambapo nauli ya kurudisha ni kubwa kuliko kitu chenyewe, tuseme pakiti mbili za sindano. Hapo afadhali kumwambia mteja abaki nazo bure, mambo yaishe.

Kuandika ni nusu tu ya kazi. Kabla ya kufunga kiroba cha pili, dazeni 15 zitolewe mlangoni kwenye mwanga, mtu wa pili azihesabu, na zipu moja ilazwe kando ya futikamba ipigwe picha. Picha hiyo iende kwa fundi, na kiroba kisifungwe mpaka ajibu “ndizo”. Kufanya hivyo kunachukua dakika chache na kunaziba karibu kila mlango wa kosa kujirudia. Jioni itumwe picha ya risiti ya basi, yenye namba ya mzigo, pamoja na simu ya ofisi ya basi upande wa Songea. Ya Dar es Salaam haitamsaidia atakapokuwa amesimama dirishani kule.

Basi likichelewa, duka ndilo linalopaswa kujua kwanza. Jumatano jioni mwenye duka aipigie ofisi ya Songea kuuliza kama gari limefika. Likiwa limekwama njiani, fundi aambiwe usiku huohuo, akiwa bado ana zipu za kushonea hadi kesho yake. Habari mbaya ikimfikia Alhamisi mchana akiwa stendi, hata marejesho ya shilingi 37,500 hayatakuwa na msaada mkubwa, maana hana tena muda wa kuzunguka madukani.

Upande wa mpokeaji nako kuna lake. Haki ya kukataa bidhaa haidumu milele. Anayepokea zipu zisizo zake akazishonea kwenye sketi amezikubali, na baada ya hapo hawezi kudai zirudishwe, kwa sababu amezitumia kama mali yake. Vilevile anayekaa nazo wiki kadhaa bila kusema neno anahesabiwa kuwa ameridhika. Kwa hiyo wewe unayeagiza mzigo kutoka mbali, andika oda yako kwa rangi, kipimo na idadi, usitume picha peke yake. Mzigo ukifika, piga picha lebo kabla ya kukata kamba, hesabu kabla ya kushona, na ukiona kosa toa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi.